Kitufe chekundu kikibonyezwa, roboti isimame vipi?

Mtu anayeunda roboti ya kufanya kazi karibu na watu mara nyingi huanza na kitufe. Hununua kile kikubwa chekundu chenye kofia ya uyoga, hukipitishia waya unaolisha mota, hukibonyeza mara moja, mota zikazima, naye akaona kazi imekwisha. Mpangilio huo unaweza kumuumiza mtu yuleyule uliokusudiwa kumlinda. Kukata umeme ni kitendo, na kila kitendo kina matokeo yake kwenye chuma kilicho hewani. Kinachotakiwa kujulikana kwanza ni hali salama: roboti hii, kwa uzito wake na mahali ilipo, iweje ndipo mtu aliye kando yake awe salama? Jibu likishapatikana, saketi hujengwa kurudi nyuma kutoka hapo, na kitufe huwa karibu kitu cha mwisho kuchaguliwa.

Tuchukue roboti moja tuifuate hadi mwisho. Ina nguzo iliyosimama pembeni ya meza. Juu ya nguzo kuna mkono unaopanda na kushuka kwa mkanda unaovutwa na mota ya servo, na nguzo yenyewe huzunguka kushoto na kulia. Ncha ya mkono ina vikombe vya mpira vinavyonyonya sanduku la vipuri na kuliweka mezani, ambako mfanyakazi hulifungua. Mkono una kilo 8 na sanduku lina kilo 4, jumla kilo 12. Kasi ya juu ya kushuka ni mita 0.5 kwa sekunde. Mikono ya mfanyakazi huwa mezani, yaani chini kabisa ya njia ya ule mkono wa chuma.

Sasa kata umeme wote kwa ghafla na utazame kila sehemu. Nguzo iliyokuwa ikizunguka haitasimama, itaendelea kuserereka hadi msuguano uimalize nguvu. Vikombe vya kunyonya vitapoteza ombwe, na baada ya muda mfupi kilo 4 zitaanguka. Mkono wa wima hauna tena mota ya kuushikilia, kwa hiyo utaporomoka. Sehemu tatu, na hakuna hata moja iliyo salama zaidi kuliko ilivyokuwa kabla ya kitufe kubonyezwa.

Breki huchelewa, na kuchelewa huko kuna bei

Wengi watasema: mota ya wima ina breki. Ni kweli. Breki ya kawaida ya servo hufungwa na springi na kufunguliwa na sumaku ya umeme, hivyo umeme ukikatika yenyewe hubana. Huo ni usanifu mzuri, kwa sababu waya ukikatika au fyuzi ikiungua breki inaelekea upande wa kushika. Shida ni kwamba haibani papo hapo. Mkondo kwenye koili lazima ushuke kwanza, sumaku ilegee, springi isogeze bamba, ndipo msuguano uanze. Tuseme breki yetu inahitaji milisekunde 80, na ikishabana inatoa nguvu mara mbili ya uzito inaoubeba.

Tufanye hesabu, tukiacha nje msuguano wa mitambo na uzito wa rota ili tupate hali mbaya zaidi. Mkono unashuka kwa mita 0.5 kwa sekunde, umeme unakatika. Kwa milisekunde 80 hakuna kinachoushika, kwa hiyo unashuka milimita 71 huku kasi ikipanda hadi karibu mita 1.29 kwa sekunde. Breki inabana. Nusu ya nguvu yake inatumika kubeba uzito, nusu iliyobaki ndiyo inayopunguza mwendo, na mkono unahitaji milimita 84 zaidi kabla ya kusimama. Jumla ni milimita 155. Kwa sentimita 15 hizo, sehemu kubwa ya safari mkono unakwenda kasi kuliko ulivyokuwa kabla ya kusimamishwa.

Linganisha na njia nyingine. Kitufe kinapobonyezwa, umeme haukatwi kwanza. Kiendeshi cha mota kinaamriwa kupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde kila sekunde. Kutoka mita 0.5 hadi sifuri kunachukua milisekunde 100 na milimita 25 tu. Mota imetumika kama breki, breki yenyewe ikabana mkono uliokwisha kutulia, ndipo nguvu ya mota ikaondolewa.

Hizi njia mbili zina majina kwenye kiwango cha IEC 60204-1 kinachohusu umeme wa mashine. Kusimama kwa kukata nguvu mara moja ni Category 0. Kusimama kwa kudhibitiwa kisha kukata nguvu ni Category 1. Kuna pia Category 2, ambayo mashine husimama lakini nguvu hubaki kwenye mota. ISO 13850, kiwango kinachohusu kusimamisha kwa dharura, kinakubali 0 na 1 peke yake. Sababu yake inaeleweka: katika Category 2, kinachouweka mkono mahali pake ni kiendeshi kile kile ambacho huenda ndicho kilichoharibika.

Kwa mkono wetu wa wima, kwa hiyo, Category 1 inaonekana bora mara sita. Lakini hesabu hiyo imejengwa juu ya dhana moja ambayo haijathibitishwa, kwamba kiendeshi kitatii.

Kiendeshi kisipotii

Mtu hubonyeza kitufe cha dharura kwa sababu ameona jambo lisilo la kawaida. Huenda sanduku limekaa upande. Huenda pia kiendeshi kimechanganyikiwa, enkoda inayopima mwendo wa mota imelegea, na mota inasukuma mkono chini kwa nguvu zake zote. Katika hali hiyo ya pili, kumwomba mharibifu huyo huyo apunguze mwendo ni bure. Ndiyo maana Category 1 huwa na saa nyuma yake: mwendo umepungua au haujapungua, muda uliowekwa ukiisha nguvu ya mota inaondolewa kwa njia isiyopitia programu ya kiendeshi. Kwenye viendeshi vya kisasa njia hiyo ni vituo vya kuunganishia waya vilivyoandikwa STO. Vinazuia transista za kiendeshi zisipate ishara ya kufunguka, na mota haiwezi tena kutoa nguvu ya kuzunguka. Kupunguza mwendo kisha STO baada ya muda ndiko kunakoitwa SS1.

Muda huo uwe mrefu kiasi gani? Hapa ndipo ninapoona makosa mengi, kwa sababu nusu sekunde inasikika kama muda mfupi, na watu huiacha ilivyokuja kwenye mipangilio ya rilei ya usalama, kifaa kinachopokea ishara ya kitufe na kutoa amri za kusimama. Tuipime. Kiendeshi kilichoharibika kinausukuma mkono chini kwa mita 15 kwa sekunde kila sekunde, na breki inasubiri hadi STO ifike ndipo iamriwe kubana. Baada ya nusu sekunde mkono ungekuwa umekwenda mita 2.1. Maana yake ni kwamba meza ingekuwa imepigwa zamani, na mikono ya mfanyakazi pamoja nayo.

Badilisha mambo mawili. La kwanza, breki iamriwe na saketi ya usalama yenyewe, mara tu kitufe kinapobonyezwa, bila kupitia kiendeshi. Inabana milisekunde 80 baadaye. Kama kiendeshi ni kizima, wakati huo mkono utakuwa umebakiwa na mita 0.1 kwa sekunde tu, hivyo breki inaumia kidogo sana. Hili ni muhimu, maana breki za servo zimeundwa kushikilia mota iliyosimama, na mtengenezaji hutaja idadi ndogo ya mara zinazoruhusiwa kusimamisha mota iliyo kwenye mwendo kasi. La pili, STO ije baada ya milisekunde 150 badala ya 500. Kiendeshi kizima kinamaliza kazi yake kwa milisekunde 100, kwa hiyo hizo 50 za ziada zinatosha.

Rudia hali ile mbaya. Kwa milisekunde 80 za kwanza mkono unasukumwa hadi mita 1.7 kwa sekunde. Breki inabana na kupambana na mota kwa milisekunde 70. STO inaondoa mota, breki inamalizia. Jumla ni milimita 292. Hiyo bado ni nyingi mno juu ya mikono ya mtu, na sitaki kuficha hilo. Lakini sasa tunajua namba, na namba inaonyesha pa kushika. Viendeshi vyenye usalama wa hali ya juu vina SS1 inayofuatilia mteremko wa kasi wenyewe. Kasi isiposhuka kama ilivyopangwa, STO inakuja ndani ya milisekunde chache bila kungoja saa. Mahali penye mikono ya watu chini ya mhimili wa wima, mimi singekubali SS1 ya saa peke yake.

Kuna njia nyingine ya kupunguza namba zote kwa pamoja, nayo ni ya kimakanika. Funga springi ya gesi inayobeba kilo 10. Mkono wenye sanduku sasa una kilo 2 tu za kushuka, na mkono mtupu una kilo 2 za kupanda. Rudia hesabu ya kukata umeme ghafla, ile iliyotupa milimita 155: katika milisekunde 80 za kungoja breki kasi inapanda kutoka mita 0.5 hadi 0.63 tu, na jumla ya safari inakuwa milimita 56. Hakuna programu iliyoandikwa, hakuna waya ulioongezwa. Na faida hii ni kubwa zaidi pale ambapo umeme wote wa volti 24 unapotea. Hapo hakuna mteremko wa kasi wala saa ya milisekunde 150, kwa kuwa rilei yenyewe imezima, na kila Category 1 inageuka kuwa Category 0. Roboti iliyobuniwa kwa Category 1 lazima istahimilike hata ikisimama kwa Category 0, kwa sababu siku moja itasimama hivyo.

Sehemu mbili zilizobaki ni rahisi. Nguzo inayozunguka inapewa SS1 na breki vilevile. Vikombe vya kunyonya havipaswi kuzimwa na kitufe cha dharura hata kidogo. Vali ya kuzuia hewa isirudi huwekwa karibu kabisa na vikombe, pamoja na tangi dogo la ombwe, ili sanduku lishikiliwe hata pampu ikizima, kwa muda unaotosha watu kuondoka chini yake. Kama kuna kitu kinachoshikwa kwa vidole vya chuma, vidole hivyo vifungwe na springi na kufunguliwa kwa nguvu, kamwe isiwe kinyume chake.

Kutoka kitufe hadi mota

Sasa hali salama inajulikana: kupunguza mwendo, breki kubana tangu mwanzo, nguvu ya mota kuondoka ndani ya milisekunde 150, mzigo kubaki umeshikwa. Saketi inapaswa kuifikia hali hiyo hata kama sehemu yake moja imeharibika. Viwango vya roboti za viwandani kwa muda mrefu vimedai kiwango kinachoandikwa PL d chenye muundo wa Category 3. Tahadhari hapa: Category hii ni ya ISO 13849-1, inaeleza muundo wa saketi, na haihusiani na zile Category za kusimama. Maana yake kwa lugha nyepesi ni kwamba hitilafu moja isiondoe usalama, na kila inapowezekana hitilafu hiyo igundulike kabla ya nyingine kutokea.

Kitufe kina swichi mbili ndani, na zote hupitisha umeme wakati wa kawaida. Kubonyeza kunakata. Ukipanga kinyume, yaani kubonyeza ndiko kupitishe umeme, waya uliokatika miezi mitatu iliyopita hautaonekana hadi siku kitufe kinapohitajika. Swichi zenyewe ziwe za aina inayofunguliwa kwa nguvu: kidole kinaposukuma, chuma kinasukuma chuma moja kwa moja na kuzitenganisha hata zikiwa zimeungana kwa cheche. Zina alama ya mshale ndani ya duara, na kitufe kisicho na alama hiyo kisitumike hapa.

Kila swichi ina njia yake hadi kwenye rilei ya usalama. Kwa nini mbili? Tuseme kebo ya kitufe imebanwa na mlango, na waya unaotoka kwenye rilei kwenda swichi ya kwanza umegusana na waya wake wa kurudi. Swichi hiyo imerukwa. Ukibonyeza, njia ya kwanza inabaki na volti 24, lakini njia ya pili inakatika, na rilei inaagiza kusimama. Pia inaona njia mbili hazikubaliani, hivyo inakataa kuwashwa tena. Hitilafu moja imetokea, usalama umebaki, na hitilafu imejitangaza.

Kuna shoti ya aina nyingine iliyo ngumu zaidi: waya za kurudi za njia zote mbili zikigusana. Ukibonyeza kitufe, zote zinakatika, roboti inasimama, na kila kitu kinaonekana sawa. Lakini sasa unayo njia moja iliyojifanya mbili. Swichi moja ikishindwa kufunguka, volti 24 zake zitavuka na kuilisha nyingine, na kitufe hakitafanya lolote. Ili kulikamata hilo mapema, rilei au kidhibiti cha usalama huzima kila njia kwa muda mfupi mno, chini ya milisekunde moja kwa kawaida, kila moja kwa wakati wake. Njia ya pili ikiona pengo lililokuwa la njia ya kwanza, au pengo lililotarajiwa lisipoonekana, kuna mguso usiotakiwa, na roboti inasimamishwa hata kabla mtu hajabonyeza chochote.

Hitilafu inayonitia hofu kuliko zote haipo kwenye waya. Swichi za kitufe hupachikwa nyuma ya kichwa chake kwa klipu. Klipu ikivunjika, swichi hubaki zikining'inia nyuma ya paneli, zimefungwa, zinapitisha umeme vizuri kabisa kwenye njia zote mbili. Kofia nyekundu inabonyezeka, inashika, lakini haigusi kitu. Njia mbili hazikusaidii, mapengo ya majaribio hayaoni kitu. Zipo swichi zenye kinga dhidi ya hili, zenye swichi ya ziada inayokata umeme pale zinapoachana na kichwa. Gharama yake ni ndogo na sioni sababu ya kuziacha.

Tatizo jingine huja na vitufe vingi. Roboti yetu ina vitufe vitatu, na mafundi hupenda kuviunganisha kwa mfululizo kwenye rilei moja ili kuokoa vituo. Kitufe cha kwanza kina swichi moja iliyoganda. Mtu anakibonyeza, njia moja tu inakatika, rilei inasimamisha roboti na kukataa kuwashwa. Mfanyakazi haelewi kwa nini haiwaki, anajaribu kitufe cha pili, anakiachia. Njia zote mbili zimekatika na kurudi, rilei inaona mambo yamekaa sawa, inakubali kuwashwa. Hitilafu imefutika kwenye kumbukumbu huku ikiwa bado ipo, inangoja mwenzake. Kila kitufe kikipewa vituo vyake kwenye kidhibiti cha usalama, kosa hili haliwezekani.

Upande wa matokeo, rilei inatoa amri za aina mbili. Za papo hapo ni mbili: moja inamwambia kiendeshi apunguze mwendo, nyingine inaachia breki ibane. Ya kuchelewa milisekunde 150 inakwenda kwenye vituo viwili vya STO, kila kimoja kwa waya wake. Koili ya breki inakatwa na rilei mbili zilizo mfululizo, ili moja ikiganda nyingine ikate. Rilei hizo ziwe zenye migusano iliyofungamana, ambayo mguso mkuu ukiganda ule wa kutoa taarifa hauwezi kurudi, na taarifa hiyo irudi kwenye rilei ya usalama kama sharti la kuwasha.

Hapo kwenye koili ya breki pana mtego mdogo. Koili ikikatwa hurusha volteji kubwa, na fundi huifunga dayodi kuizima. Dayodi ya kawaida inauacha mkondo uzunguke ndani ya koili na kufa taratibu, na breki ya milisekunde 80 inaweza kuchelewa mara kadhaa zaidi. Hesabu zetu zote za juu zinavunjika kwa kipande kidogo hicho. Varista huumaliza mkondo haraka zaidi, na watengenezaji wa breki hutaja muda wa kubana kwa kila mpangilio. Soma jedwali hilo kabla ya kuchagua.

Kompyuta inayopanga njia za roboti nayo ijulishwe kwamba kitufe kimebonyezwa, ili isiendelee kutuma amri na kujilimbikizia makosa. Lakini ijulishwe tu. Amri ya kasi sifuri inayotumwa na programu haihesabiki kuwa sehemu ya usalama, kwa sababu programu iliyoganda haitumi chochote.

Baada ya kusimama

Kitufe hubaki kimeshuka hadi mtu akizungushe au akivute. Kukiachia kusiwashe chochote. Kunaruhusu tu hatua inayofuata, ambayo ni kubonyeza kitufe tofauti cha kurejesha, na hata hicho hakianzishi mwendo, ila huiweka roboti tayari kupokea amri ya kuanza. Rilei nzuri hungoja kitufe cha kurejesha kibonyezwe kisha kiachiwe. Mtu akikibandika kwa utepe ili roboti ijirejeshe yenyewe, haitajirejesha. Kiwekwe mahali ambapo anayekibonyeza anaiona meza yote na hawezi kukifikia akiwa ndani ya eneo la mkono.

Sasa fikiria mkono umesimama huku umeubana mkono wa mfanyakazi juu ya meza. Breki imeshika, STO ipo, saketi imefanya kila ilichoamriwa, na mtu bado anaumia. Hali salama kwa waliosimama pembeni si hali salama kwake. Lazima kuwe na njia ya kuusogeza mkono bila nguvu ya mota, kwa kawaida kitufe cha kushikilia kinachofungua breki ya mhimili mmoja kwa wakati. Bila springi ya gesi, kukibonyeza kunamwongezea mtu aliyebanwa uzito wote, karibu nyutoni 118, kama hakuna mwingine wa kuinua. Kwa springi yetu ya kilo 10, anayesaidia anahitaji nyutoni 20 hivi, nguvu ya mkono mmoja, na sanduku likiondolewa mkono unapanda wenyewe. Kitufe hicho cha breki kinahitaji umeme ili kufanya kazi, hivyo kiwe na betri yake, na ijaribiwe.

Niongeze jambo kuhusu nafasi ya kitufe cha dharura kwa jumla. Hakuna binadamu anayeona hatari, akaamua na kubonyeza ndani ya milisekunde 150. ISO 13855 inahesabu mkono wa mtu unaonyoshwa kuwa unakwenda mita 2 kwa sekunde, yaani sentimita 30 katika muda huo. Kwa hiyo kinachomlinda mfanyakazi wetu katika sekunde ya kawaida ni kasi kupunguzwa karibu na meza na pazia la mwanga linaloona mkono wake ukiingia. Pazia hilo linatumia njia ileile ya SS1, breki na STO tuliyoijenga. Kwa mita 0.25 kwa sekunde karibu na meza, umbali wa kupunguza mwendo unashuka kutoka milimita 25 hadi 6, maana kasi ikigawanywa kwa mbili umbali hugawanyika kwa nne.

Kupima

Yote niliyoyaandika ni karatasi hadi yapimwe. Pakia kilo 12, shusha mkono kwa kasi ya juu, bonyeza kitufe, pima umbali kutoka kitufe kubonyezwa hadi mkono kutulia. Rilei yenyewe huchukua muda kuachia, tuseme milisekunde 20, na katika muda huo mkono husogea milimita 10. Hivyo tunatarajia karibu milimita 35. Rudia breki ikiwa ya moto baada ya saa kadhaa za kazi, na uandike matokeo mabaya zaidi, usiandike wastani.

Kisha vunja vitu kwa makusudi, kimoja kimoja, eneo likiwa tupu. Chomoa waya wa njia moja: roboti isimame na ikatae kuwaka. Gusanisha njia mbili: isimame bila kitufe kubonyezwa. Kata volti 24 zote mkono ukishuka: usishuke zaidi ya ulivyohesabu. Tenganisha swichi na kichwa cha kitufe: isimame. Zuia kiendeshi kisipokee amri ya kupunguza mwendo: STO na breki viikamate. Jaribio lolote ambalo roboti inaendelea na kazi kana kwamba hakuna kilichotokea linakurudisha kwenye mchoro.

Breki ipimwe peke yake kwa ratiba, kwa kuwa huchakaa bila saketi kujua. Ifunge, acha mota isukume kwa nguvu iliyo juu ya mzigo wa kawaida kwa theluthi moja hivi, na utazame enkoda kama inasogea. Halafu rudia kile kipimo cha umbali wa kusimama na ulinganishe na kile cha siku ya kwanza, mara hii kwa kukata umeme wote, kwa sababu katika kusimama kwa kawaida mota huificha breki iliyochoka. Milimita 56 zikianza kuwa 70, mambo mawili ndiyo ya kutafuta kwanza: pengo la breki lililopanuka kwa bamba kulika, au springi ya gesi iliyovuja. Fungua breki mkono ukiwa mtupu. Ukipanda, springi ni nzima na bamba ndilo la kubadilisha. Ukishuka, springi ndiyo iliyovuja, na roboti isirudi kazini hadi nyingine ifungwe.